Jinsi ya Kumleta Poshia Mahakamani

Kwenye ukurasa wa 212 wa mswada mmoja nilioletewa niuhariri niliandika pembeni, kwa penseli, maneno matatu: "Dada yuko wapi?" Mswada wenyewe ulikuwa mzuri. Salumu, kijana wa Tanga, amesimama mbele ya Baraza la Ardhi kudai shamba la minazi aliloahidiwa na marehemu baba yake, na ami yake amekuja na karatasi yenye alama ya dole gumba. Watu wamejaa mpaka mlangoni. Shangazi yupo, muuza kahawa yupo, hata kijana wa bodaboda aliyewaleta yupo. Dada mtu, ambaye tumemfuata sura sita nzima, tukajua anapendwa na mvuvi yupi na barua za mvuvi anazificha wapi, hayupo. Hajafa, hajasafiri, hajaolewa. Mwandishi kamsahau kama abiria anavyosahau mwavuli kwenye daladala.

Tangu hapo kila mtu anayeniuliza habari za msuko mdogo namwonyesha ukurasa huo. Msuko mkuu kila mwandishi anaujali, maana ndio uliomkosesha usingizi hata akashika kalamu. Msuko mdogo hupewa kazi za kitwana. Wapo wanaoutumia kujazia kurasa, kama pamba ya mto: riwaya imekuwa nyembamba, basi shangazi apate mchumba. Wapo wanaoufanya pacha wa msuko mkuu, kaka anadhulumiwa shamba na dada anadhulumiwa kiwanja, na msomaji anasoma dhuluma ile ile mara mbili kwa bei ya kitabu kimoja. Na wapo wanaozinduka sura ya mwisho kwamba kuna watu wamewaacha njiani, wakawapakia wote kwenye basi moja na kulipindua Kitonga. Mlima ule umeua wahusika wengi ambao mwandishi hakujua awafanye nini, na naomba sasa tuuache upumzike.

Msuko mdogo unaofanya kazi yake una vitu viwili. Una kioo, yaani swali linaloulizwa katika msuko mkuu linaulizwa na humo, kwa sura nyingine. Na una barabara, yaani kuna njia halisi inayoutoa huko uliko mpaka kwenye kilele, na unafika ukiwa umebeba kitu. Kimoja bila kingine hakitoshi. Mfano ninaoupenda kuliko yote Waswahili tunao mkononi tangu mwaka 1969, Mwalimu Nyerere alipochapisha Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare. Aliyesoma atakumbuka kisa cha ratili ya nyama. Wengi wamesahau kwamba nusu ya tamthilia hiyo haiko Venisi kabisa.

Nikumbushe kwa ufupi. Msuko mkuu: Antonio, mfanyabiashara, anakopa dukati 3,000 kwa Shailoki kwa miezi mitatu, na mkataba unasema asipolipa atakatwa ratili moja ya nyama ya mwili wake. Msuko wa pili uko Belmonti, kwa Poshia, binti tajiri ambaye marehemu baba yake aliacha wosia wa ajabu. Yapo makasha matatu, la dhahabu, la fedha na la risasi. Mchumba achague moja. Atakayepata lenye picha ya Poshia atamwoa. Atakayekosea aondoke papo hapo, na kiapo chake kinamkataza kuposa mwanamke mwingine maisha yake yote.

Inafaa kujua Shakespeare alivipata wapi visa hivi, maana hapo ndipo ufundi unapoonekana. Kisa cha mkopo kilikuwemo katika kitabu cha Kiitaliano, Il Pecorone, kilichochapwa mwaka 1558. Humo mlikuwa tayari na mkopeshaji, ratili ya nyama, bibi wa Belmonti, na bibi huyo alikuwa tayari anajigeuza mwanamume na kuja kuokoa mtu mahakamani. Barabara, kwa hiyo, Shakespeare aliikuta imekwisha chongwa. Jaribio la wachumba lilikuwa tofauti kabisa, na hamna kasha hata moja. Kila mwanamume anayefika bandarini kwa yule bibi lazima alale chumbani kwake na awe mume kweli usiku ule. Akishindwa ananyang'anywa merikebu na mali yote. Na wote wanashindwa, kwa sababu bibi anawanywesha divai yenye dawa ya usingizi. Kijana wa kisa hicho anapoteza merikebu mbili kwa kulala fofofo, na mara ya tatu anamshinda bibi kwa kuwa kijakazi amemnong'oneza asinywe.

Kisa kinachekesha, na kwenye kijiwe cha kahawa kingepata wasikilizaji mpaka usiku wa manane. Lakini divai ya usingizi ina uhusiano gani na ratili ya nyama? Haina. Msuko huo una barabara na hauna kioo. Bibi anafika mahakamani, anashinda kesi, na msomaji anashangaa mwanamke aliyekuwa akilewesha mabaharia kaipata wapi akili ya sheria.

Shakespeare akaing'oa divai. Mahali pake akaweka makasha matatu, aliyoyatoa katika mkusanyiko wa hadithi za Kilatini wa Zama za Kati, Gesta Romanorum, ambamo mwenye kuchagua ni msichana anayejaribiwa kama anafaa kuolewa na mwana wa mfalme. Jaribio akaligeuza: wachague wanaume, na msichana awe ndiye aliyefungwa. Barabara hakuigusa. Alichoongeza ni kioo tu, na tamthilia nzima ikapata uti wa mgongo.

Tazama kilichotokea. Venisi kuna mtu ambaye uhai wake umefungwa na karatasi. Belmonti kuna mtu ambaye ndoa yake imefungwa na karatasi. Karatasi ya kwanza iliandikwa kwa chuki, ya pili kwa mapenzi ya baba, na zote mbili zinabana sawasawa. Poshia hawezi kumchagua anayemtaka wala kumkataa asiyemtaka. Swali ni moja: mtu aliyefungwa na maandishi ataokokaje bila kuyachana? Majibu ndiyo yanayotofautiana. Belmonti maandishi yanamletea bibi harusi mtu yule yule aliyemtaka. Venisi maandishi yale yale yakiheshimiwa hivyo hivyo yatamwaga damu.

Hapo ndipo penye hatua ya kwanza. Chukua karatasi, andika swali la hadithi yako kwa sentensi moja isiyo na jina la mtu, mahali wala kitu. Si "Je, Salumu atapata shamba?" Swali hilo ni la msuko mkuu peke yake na halina pa kwenda. Andika, "Je, neno la mtu aliyekufa linashinda karatasi ya mtu aliye hai?" Kisha uliza sentensi hiyo katika nyumba nyingine, kwa watu wenye umri mwingine, juu ya kitu chenye thamani nyingine. Na jibu likija sawasawa na la kwanza, rudi nyuma, kwa sababu umezaa pacha. Kioo ukitazama ndani yake, mkono wako wa kulia unakuwa wa kushoto.

Jambo la pili ni mpangilio, na ni dogo kiasi kwamba wengi hulipita. Kioo hakionyeshi kitu kikiwa chumba cha mbali. Katika onyesho la pili la sehemu ya kwanza tunamwona Poshia akilalamikia wosia unaomfunga. Onyesho linalofuata mara moja ni Antonio anayekubali mkataba, akiuchukulia kama mzaha. Tumetoka kuona karatasi inavyobana, halafu tunamwona mtu akijifunga ya kwake huku akicheka. Hakuna mhusika anayelisema jambo hilo. Maonyesho mawili yamekaa ubavu kwa ubavu, basi. Sehemu ya pili tena, binti wa Shailoki, Jesika, anamtupia mpenzi wake kasha la vito kutoka dirishani na kutoroka naye. Onyesho linalofuata, Mwanamfalme wa Moroko anafungua kasha la dhahabu na kukuta fuvu la kichwa. Mwandishi wa kwetu angemleta mzee wa busara aseme kwamba mali ni mauti. Shakespeare ameweka kasha karibu na kasha na kunyamaza.

Kwa hiyo ukishaandika sura zako, andika kila sura kwenye kijikaratasi, zipange sakafuni na utazame jirani wa kila sura ya msuko mdogo ni nani. Sura ikiwa haiongezi wala kubadili chochote katika sura iliyo kando yake, ihamishe kabla hujaifuta. Mara nyingi sura si mbaya, imekaa tu na majirani wasio wake. Na kuna faida nyingine ya kukaa hivyo. Mkopo wa Antonio ni wa miezi mitatu, na jukwaani huwezi kumkalisha mtu miezi mitatu akingoja merikebu. Wachumba wa Belmonti wanakuja na kuondoka, muda unapita bila mtu kuuhesabu, na tukirudi Venisi tunasikia kwamba merikebu zimezama.

Sasa barabara. Waandishi wengi wanadhani kukutana kwenye kilele ni kazi ya kilele. Si kweli. Msuko mdogo unafika kwenye kilele kwa sababu ulifungwa kwenye msuko mkuu tangu siku ya kwanza. Kwa nini Antonio anakopa? Rafiki yake Basanio anataka nauli na mavazi ya kumwendea Poshia. Dukati 3,000 zinatoka Venisi kwenda kuposa Belmonti. Bila wachumba hakuna mkopo, bila mkopo hakuna kisu. Hilo ni fundo la kwanza. La pili liko katikati, katika onyesho la pili la sehemu ya tatu. Basanio amechagua risasi, amepata picha, pete imevishwa, furaha imejaa ukumbini, na katika onyesho hilo hilo inaingia barua kutoka Venisi: merikebu zote zimepotea, muda wa deni umepita. Msuko mdogo umeshinda na msuko mkuu umeanguka katika chumba kimoja. Fundo la tatu ni safari: mume anakimbilia Venisi na fedha, na mke, bila kumwambia, anamtuma mtu Padua kwa binamu yake Belario, bingwa wa sheria, akamletee maelezo na mavazi ya mwanasheria.

Mafundo matatu yanatosha. Kitu kinatoka kwenye msuko mkuu kwenda kwenye mdogo, habari inarudi, na mwisho mtu mwenyewe anasafiri. Ukikosa fundo la kwanza, mtu wako atakapotokea mahakamani msomaji atauliza huyu kaitwa na nani. Ukikosa la kati, safari itaonekana ya bahati nasibu. Dalili ya kukosa mafundo ni rahisi kuiona: utajikuta kwenye sura ya kilele unaandika maneno "kwa bahati", "ghafla" na "hakuamini macho yake".

Na afike na nini? Hapa ndipo penye utamu. Poshia hafiki na fedha. Fedha zimeshafika, Basanio anazimwaga mezani mara mbili ya deni na Shailoki anazikataa. Hafiki na machozi pia. Anajaribu kuomba huruma, kwa ufasaha mkubwa, na haisaidii. Anachokifanya ni kile alichokuwa akikiishi Belmonti tangu baba yake afariki: anayaachia maandishi yaseme mpaka mwisho. Mkataba unasema nyama, basi kata nyama. Haukutaja damu, basi isidondoke hata tone. Ratili moja, basi isizidi wala kupungua. Maelezo amepewa na Belario, sawa, lakini hadhira inamwamini kwa sababu imemwona akiwa chini ya karatasi ya baba yake asiikiuke na bado atoke ameshinda. Bibi wa divai ya usingizi asingeaminika hivyo. Kioo ndicho kilichompa mzigo wa kubeba, barabara ikamfikisha.

Tena wote wanasimama sakafu moja kweli. Basanio, kwa uchungu wa rafiki yake, anatamka kwamba angekuwa tayari kumtoa hata mke wake ili Antonio apone, na mke amesimama pale pale kavaa joho. Watu hucheka, na wakati huo huo kisu kimeshanolewa.

Mfano huu una mipaka yake. Uzi wa Jesika una kioo kikali, binti mwingine, baba mwingine, kasha jingine, na unamwongezea Shailoki uchungu unaomfanya asikubali fedha. Lakini Jesika mwenyewe hafiki mahakamani. Baba yake anapokonywa mali na kulazimishwa abadili dini, na binti yuko Belmonti. Kwangu mimi hilo ni pengo, na kila ninapoisoma sehemu ya nne namtafuta mlangoni. Zaidi ya hapo, kioo humwonyesha mwandishi hata asichokusudia. Ile huruma iliyohubiriwa kwa Shailoki, yeye alipewa kiasi gani? Hadhira ya leo inaliona swali hilo wazi, kwa sababu tamthilia yenyewe imetufundisha kulinganisha.

Turudi ukurasa wa 212. Mwandishi wa mswada alikuja tukakaa naye barazani na vijikaratasi vyetu. Tulianza na sentensi: neno la mdomo na karatasi, kipi kinabeba ukweli? Baba alimwahidi Salumu ekari tatu kwa mdomo, mbele ya watu wawili ambao wameshafariki. Ami ana karatasi yenye dole gumba la marehemu. Mvuvi na barua zake za mapenzi hawakuwa na jibu kwa swali hilo. Tukamwondoa mvuvi, kwa heshima zote. Rehema, dada mtu, tukampa kazi ambayo kila mtaa una mtu wake: akawa kijumbe wa mchezo wa upatu wa wanawake wa sokoni.

Kioo kikajiweka chenyewe. Upatu ni neno la mdomo tupu. Sura ya tatu mama mmoja anakana kwamba amepokea zamu yake, na kwa kuwa hakuna alichosaini, Rehema analipa mara ya pili kwa kuuza cherehani yake. Tangu siku hiyo anaandika kila kitu kwenye daftari: tarehe, kiasi, nani kapokea, kwa mkono upi. Wanawake wanamcheka, kisha wanamzoea. Kwake maandishi yanailinda ahadi ya mdomo. Kwa ami yake maandishi yanaiua. Swali ni moja na majibu ni mawili.

Mafundo yalitaka kazi zaidi. La kwanza: Rehema anaukubali ukijumbe kwa sababu Salumu anahitaji fedha za kulihudumia shamba aliloahidiwa. La pili tuliliweka sura ya tano, kwa sauti ya mzaha. Mama yao anaumwa, baba anakuja kupokea zamu ya mkewe, na dole gumba lake la kulia limefungwa kitambaa kinene kwa sababu amejichoma kwenye kifuo akifua nazi. Wanawake wanamtania kwamba mzee mzima kashindwa na nazi. Anaweka dole la kushoto, na Rehema, ambaye siku hizi haachi kitu, anaandika kando: tarehe 14 Machi, la kushoto, la kulia lina jeraha. Msomaji anacheka na kupita. Karatasi ya ami, tutakapoiona sura ya tisa, ni ya tarehe 16 Machi, na pembeni ya alama safi isiyo na mkwaruzo pameandikwa "dole gumba la kulia". Hatukumruhusu mhusika yeyote alitambue jambo hilo pale. Sura mbili hizo tulizitenganisha kwa sura tatu: zikikaribiana zaidi msomaji angemtangulia Rehema, zikiachana zaidi angekuwa ameisahau nazi.

Kisha tukajaribu kuuondoa msuko mdogo wote, tuone kama kilele kitasimama bila huo. Katika mswada wa kwanza kilisimama vizuri tu. Ungeweza kuwatoa dada na mvuvi na hata karani wa baraza asingegundua. Safari hii kilianguka. Salumu hana shahidi, ami ana karatasi, shauri limekwisha.

Ukurasa wa 212 sasa ni ukurasa wa 198. Mwenyekiti ameshaanza kufunga jalada. Mlangoni watu wanapisha, na Rehema anaingia, amechelewa kwa sababu ilikuwa siku ya kukusanya. Anafungua pindo la kanga, anatoa daftari lenye jalada lililolowa mafuta ya taa. Mmoja wa wazee wa baraza anamuuliza yeye ni nani katika shauri hili.

"Shikamoo, mzee. Mimi ni kijumbe."